Mpango wa majaribio wa mfumo wa karo: anza na hesabu ya jioni

Shule yenyewe iko upande wa Embakasi, praiveti, watoto mia tatu hivi, basa mmoja, na divelopa ambaye hiyo kazi anaifanya usiku akishatoka kwa kazi yake ya mchana. Mwalimu mkuu aliniomba nimuandikie "karatasi ya kutesti" kabla mfumo wao wa karo uanze kupokea pesa za ukweli. Mimi kupima programu ndio kazi inanilisha, kwa hivyo nilikubali, na hapa naeleza vile ile karatasi ilikaa na kwa nini ilikaa hivyo, manake wengi wanaoulizwa waandike mpango kama huu wanaanza kwa kutafuta templeti halafu wanaijaza tu.

Templeti maarufu ni ile ya IEEE 829. Ilitoka 1983, ya 1998 iko na vichwa kumi na sita, kuanzia namba ya waraka mpaka sahihi za kuidhinisha, na siku hizi nafasi yake imechukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29119. Si mbaya hata kidogo. Shida ni kwamba ukimpelekea basa wa shule ndogo vichwa kumi na sita atasoma viwili, atakuambia "sawa mwalimu, iko poa", na utajua hakusoma. Na huyo basa ndiye mtu wa pekee pale shuleni anayejua pesa inavyopotea. Kwa hivyo nilipunguza mpaka nikabaki na kurasa nne hivi, na kitu cha kwanza kabisa kwa ukurasa wa kwanza, hata kabla ya utangulizi, ni hii hesabu:

```
pesa_za_stetimenti = zilizowekwa_kwa_wanafunzi + zinazosubiri_mwenyewe
```

Yaani kila jioni ukichukua stetimenti ya M-Pesa ya shule, jumla ya pesa iliyoingia lazima iwe sawa na jumla ya zile za M-Pesa mfumo umeweka kwa majina ya watoto, ukiongeza zile hazijapata mwenyewe, zile basa anaita saspensi. Ikipita kwa shilingi moja kuna kitu kimeharibika, ikipungua kwa shilingi moja pia kuna kitu. Karibu kila jaribio kwa huo mpango linatoka hapo, na ukiwa umebanwa na muda unajua la kukata na la kubaki nalo.

Sasa ueleze mfumo kwa ufupi, aya moja, ndio anayesoma ajue unapima nini. Mzazi anaingia M-Pesa, anachagua Paybill, anaweka namba ya shule, kwa akaunti anaweka namba ya admishoni ya mtoto, anaweka pesa na pini. Safaricom kupitia Daraja, huduma yake ya kuunganisha mifumo ya watu na M-Pesa, inaweza kwanza kuuliza mfumo wa shule kama hiyo akaunti iko (hiyo ni `ValidationURL`, na kwa kawaida imezimwa mpaka uombe iwashwe), halafu pesa ikishaingia inatuma taarifa kwa `ConfirmationURL`. Mfumo unasoma hiyo taarifa, unapunguza salio la mtoto, unatuma meseji kwa mzazi. Basa naye anaweza kuingiza slipu za benki kwa mkono. Basi.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo mimi huipenda kuliko zote na watu huiruka: vitu ambavyo havitapimwa, kila kimoja na sababu yake. Niliandika kwamba hatupimi watu elfu kumi kulipa kwa dakika moja, kwa sababu wazazi wote wa hiyo shule wakilipa asubuhi moja bado ni malipo mia tatu na kitu, na hata laptopu ya divelopa inaweza kuzibeba. Hatupimi M-Pesa yenyewe, pini, salio la mzazi, hayo ni ya Safaricom. Hatupimi rangi na mpangilio kwa simu ndogo, hiyo ingoje muhula wa pili. Umuhimu wa hii sehemu ni kwamba kukitokea kitu huko mbele mtu asiseme "lakini si ulipima", na pia mwalimu mkuu akisoma anaweza kukataa, akuambie hapana, hiki mimi nataka kipimwe. Na kweli alikataa kimoja, mimi nilikuwa nimeweka slipu za benki kwa ile listi ya kutopimwa, akasema kuna wazazi kadhaa wanalipa mwaka mzima mara moja kupitia benki. Ikahama upande wa pili.

Halafu sasa nyama yenyewe, kile mzazi anaandika pale kwa akaunti. Namba ya mtoto kwa shule hii ni tarakimu nne, tuseme `0417`. Kaa na basa nusu saa tu ukiangalia stetimenti ya muhula uliopita utaona dunia. Kuna `417` bila sifuri. Kuna `O417`, hiyo ya mbele ni herufi O. Kuna `04 17` na nafasi katikati, kuna jina la mtoto, kuna `GRADE 4`, kuna mzazi wa watoto wawili ameandika `0417 na 0522` akatuma pesa ya wote pamoja. Hakuna templeti itakupa hii listi, iko tu kwa stetimenti, kwa hivyo mpango wangu unasema wazi kwamba data ya majaribio ya akaunti itatoka kwa vile wazazi waliandika kweli, majina na namba halisi zikishabadilishwa.

Kila moja ya hizo inahitaji jibu lililoandikwa kabla ya kupima, na hapo ndio utagundua hakuna mtu amewahi kuamua. Nilimuuliza divelopa, hii `O417` mfumo utafanya nini? Akasema utaisafisha iwe `0417`. Na `GRADE 4` yenye jina la mtoto? Akasema anaweza kutafuta jina linalofanana zaidi. Basa alikuwa hapo pembeni anasaini risiti, hakuinua hata kichwa, akasema, "Kijana, hapa tuna watoto watatu wanaitwa jina hilo. Usinibahatishie."

Hiyo ikawa kanuni na ikaandikwa kwa mpango vile vile: mfumo unaruhusiwa kuondoa nafasi, kugeuza herufi O kuwa sifuri, na kuongeza sifuri mbele mpaka zifike tarakimu nne, na hapo uishie. Ikishindikana, pesa inaenda saspensi na basa anaiona kwa skrini yake akiingia. Hakuna kukisia jina, na namba mbili kwa akaunti moja pia ni saspensi, manake mfumo haujui huyu ni elfu ngapi na yule ngapi. Sababu ni rahisi, pesa ikikaa saspensi inapiga kelele, kila mtu anaiona, lakini ikiwekwa kwa mtoto mwingine inanyamaza kabisa mpaka mwisho wa muhula mzazi mmoja anafukuziwa mtoto na ana meseji ya M-Pesa kwa simu.

Kuna njia nyingine ya kushughulikia akaunti mbaya, kuwasha ile validesheni ya Daraja, ndio mfumo ujibu kwamba akaunti haiko na malipo yakataliwe hapo hapo kabla pesa itoke kwa mzazi. Jibu la kukataa linakaa hivi:

```json
{ "ResultCode": "C2B00012", "ResultDesc": "Rejected" }
```

Inasikika vizuri lakini ina mtego wake. Ukiiwasha, halafu seva ya shule iwe imelala Jumapili usiku, Daraja itaamua kulingana na ile `ResponseType` uliyoweka wakati wa kusajili: ukiweka `Completed` malipo yanapita bila kuulizwa, ukiweka `Cancelled` wazazi wote wanaolipa hiyo saa wanakataliwa. Kwa hivyo uamuzi wa kuiwasha ama kutoiwasha ni wa shule, si wa mpimaji, na mpango unafaa kuwa na mahali mwalimu mkuu anaandika alichoamua. Alichagua kutoiwasha kwa muhula wa kwanza. Mimi nakubaliana naye, kwa shule ndogo yenye basa makini saspensi inatosha.

Sasa tuingie kwa mfano wenyewe, hii ndio sehemu nilimuonyesha kila mtu pale ofisini. Karo ya muhula tuliiweka 18,500 kwa kila mtoto wa majaribio, tukatengeneza siku moja ya uongo yenye malipo sita. Mtoto `0417` analipiwa 10,000 asubuhi na 8,500 usiku. Mtoto `0522` analipiwa 20,000, yaani mzazi amezidisha 1,500. Kuna 5,000 ya `O631`, ile ya herufi O. Kuna 7,000 ya `GRADE 4`. Na kuna 12,000 ya mtoto `0708` ambayo tutaifanya ipotee njiani. Jumla ya stetimenti ya hiyo siku ni 62,500.

Kila malipo ni faili ndogo kama hii, tunaitupia mfumo kama vile Daraja ingefanya:

```json
{
  "TransID": "TAF1XY7Q2M",
  "TransTime": "20250107012000",
  "TransAmount": "8500.00",
  "BusinessShortCode": "600000",
  "BillRefNumber": "0417",
  "MSISDN": "2547 ***** 126"
}
```

Jaribio la kwanza ni la taarifa kuja mara mbili. Mtandao ni mtandao, jibu lako linaweza kuchelewa, taarifa ile ile ikaingia tena, na mfumo usipokuwa macho mtoto analipiwa mara mbili kwa pesa moja. Kwa hivyo ile 8,500 tunaituma mara mbili, na si moja baada ya nyingine peke yake, manake hapo karibu kila mfumo hufaulu, tunazituma pamoja kwa wakati mmoja:

```
U=https://jaribio.example/karo/taarifa
H="Content-Type: application/json"
curl -X POST $U -H "$H" -d @malipo2.json &
curl -X POST $U -H "$H" -d @malipo2.json &
wait
```

Kama divelopa ameandika "angalia kama hii `TransID` iko, kama haiko iweke", zote mbili zinaweza kuangalia kwa wakati mmoja, zote zikute haiko, zote ziiweke. Dawa ni kuiambia databesi yenyewe ikatae, `UNIQUE` kwa safu ya `TransID`, lakini mpango hausemi dawa, mpango unasema tunachotarajia kuona: rekodi moja, salio la `0417` ni sifuri, meseji moja kwa mzazi. Hiyo ya meseji usiisahau, kuna mifumo inakataa rekodi ya pili vizuri kabisa halafu inatuma meseji ya pili, mzazi anapiga simu ofisini akiuliza mbona amekatwa mara mbili.

Jaribio la pili ni ile 12,000 iliyopotea. Tunazima seva, tunasema hiyo taarifa imekuja na haikupata mtu, tunawasha tena. Jioni basa analinganisha, na mfumo unafaa kumuonyesha 43,500 kwa wanafunzi na 7,000 saspensi, jumla 50,500, wakati stetimenti inasema 62,500. Imepungua 12,000 kamili. Hapo anapakia faili ya stetimenti kwa mfumo, mfumo unapitia mstari kwa mstari, zile tano zinajulikana kwa namba yao ya M-Pesa zinarukwa, ya sita inaingizwa kwa `0708`. Baada ya hapo 55,500 kwa wanafunzi, 7,000 saspensi, 62,500, imekaa. Kisha faili ile ile inapakiwa tena mara ya pili makusudi, manake basa akishikwa na simu katikati ya kazi atasahau kama ameshapakia, na hakuna namba yoyote inafaa kusonga.

Uzuri wa kuchagua kiasi tofauti kwa kila malipo ni kwamba tofauti yenyewe inakuambia mkosaji. Ukiona imezidi 8,500 unajua ni ile ya mara mbili. Ukiona imepungua 12,000 ni ile iliyopotea. Kama ungeweka malipo yote 5,000 ungeona tu kuna shida na kuanza kuchimba.

Lakini hii hesabu ina upofu wake na lazima uandikwe kwa mpango, mtu asiiamini kupita kiasi. Pesa ya `0417` ikiwekwa kwa `0471`, jumla haisongi hata senti, hesabu ya jioni itasema kila kitu kiko sawa. Kwa hivyo kando ya jumla kuna karatasi ya pili, salio la kila mtoto wa majaribio lililopigwa kwa mkono kabla ya kuanza: `0417` sifuri, `0522` amezidisha 1,500 ambayo inaenda muhula ujao, `0631` anadaiwa 13,500, `0708` anadaiwa 6,500, na `0471`, ambaye hakuna aliyemlipia, bado anadaiwa 18,500 yote. Huyo wa mwisho yuko pale kazi yake ni kutoguswa tu. Akiguswa umepata bagi.

Kuna jaribio lingine ambalo divelopa hakulipenda. Ile anwani ya kupokea taarifa iko wazi mtandaoni, na taarifa za Paybill kutoka Daraja haziji na saini ya kuthibitisha nani amezituma, kwa hivyo mtu yeyote anayejua hiyo anwani anaweza kujitengenezea faili kama ile hapo juu, aandike 18,500, atume, na mtoto wake awe amelipiwa. Mpango unasema tutume malipo ya uongo kutoka mtandao wa nje, kwa simu tu, na tunatarajia yakataliwe kwa sababu hayatoki kwa anwani za seva za Safaricom. Na kama yatapenya, basi hesabu ya jioni lazima iyashike, manake stetimenti haitakuwa na hiyo namba. Mara ya kwanza yalipenya. Hesabu ikayashika jioni, imezidi 18,500, lakini mzazi alikuwa ameshapata meseji ya asante. Hii tuliiweka ngazi ya juu kabisa ya uzito na majaribio yakasimama mpaka irekebishwe.

Hapo naingia kwa kitu kingine mpango hauwezi kukosa, lini tunasimama na lini tumemaliza. Sisi tuliweka ngazi mbili tu. Chochote kinachofanya pesa ama salio la mtoto liwe si kweli, hata kwa shilingi moja, kinasimamisha kila kitu na hakuna kuendelea na mengine mpaka kirekebishwe na yale malipo sita ya siku ya uongo yarudiwe yote tangu mwanzo. Chochote kingine kinaandikwa kwa daftari na kusubiri. Nimeona mipango yenye ngazi tano za uzito kwa mfumo wa skrini saba, watu wanabishana kama hii ni ya tatu ama ya nne, muda unaisha. Na aliyeandika programu hasaini kwamba imefaulu, anayesaini ni basa, kwa karatasi, baada ya yeye mwenyewe kupitia ile siku ya uongo na kupata 62,500 bila mtu kumshika mkono.

Mahali pa kupimia: sandboksi ya Daraja, ambayo inakupa namba ya biashara ya mazoezi na namba ya simu ya mazoezi, `254708374149`, unaigiza malipo bila pesa. Anwani yako lazima ifikike kutoka nje, na Safaricom wanashauri usiweke maneno kama `mpesa` ama `safaricom` ndani ya hiyo anwani, ukiyaweka unaweza kukaa unashangaa mbona hupati kitu. Sandboksi wakati mwingine inanyamaza bila kukuambia, ndio maana majaribio mengi tuliyatuma wenyewe kwa `curl` na sandboksi tukaiachia kuthibitisha tu kwamba usajili wa anwani na sura ya taarifa ni sawa. Hatua ya mwisho ni pesa halisi kwa Paybill halisi ya shule, walimu wachache wakituma shilingi kumi kumi, manake kuna vitu sandboksi haiwezi kukuonyesha.

Kimoja ni ile `MSISDN`. Angalia kwa mfano hapo juu, namba ya simu imefichwa katikati. Siku hizi namba ya aliyelipa haiji nzima, kwa hivyo mfumo ambao unategemea kutuma risiti kwa namba iliyokuja na malipo utakuwa unatuma kwa hewa. Jaribio linasema risiti iende kwa namba ya mzazi iliyo kwa rekodi ya shule, hata kama aliyelipa ni mjomba yuko Nakuru. Na kwa data ya mazoezi tusitumie majina na namba halisi za watoto, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na taarifa za mtoto zina ulinzi wake humo ndani, usikopi tu databesi yote kwa laptopu ya divelopa ati unapima.

Kingine ni saa. `TransTime` inakuja kwa saa ya Kenya, seva nyingi za kukodisha ziko kwa saa ya UTC, tofauti masaa matatu. Mfumo ukigeuza vibaya, mzazi anayelipa saa saba na dakika ishirini usiku, kama ile ya mfano, malipo yake yataonekana ni ya jana yake, ripoti ya jana itabadilika baada ya basa kuifunga na ya leo itapungua. Watu wanalipa usiku kweli, hasa siku ya mwisho kabla shule ifunguliwe, kwa hivyo malipo mawili ya siku yetu ya uongo tuliyaweka usiku huo makusudi.

Na malipo ya kurudishwa. Mzazi ametuma kwa shule kimakosa, ameomba arudishiwe, stetimenti inaonyesha pesa imeingia halafu imetoka. Mfumo haufai kufuta ile rekodi ya kwanza, unafaa kuweka ya pili inayoipinga, salio la mtoto lirudi lilipokuwa, na zote mbili zibaki zikionekana. Hapo divelopa na basa walikubaliana bila kelele, basa wa kitambo hafuti kitu, anapiga mstari na kuandika chini yake.

Ratiba ilikuwa fupi. Usianze kutumia mfumo wiki ya ufunguzi Januari, hiyo ndio wiki pesa nyingi zinaingia na basa hana hata dakika ya kunywa chai. Tulichagua katikati ya muhula, malipo ni machache, na kwa wiki za mwanzo basa aliendelea na Excel yake kando na mfumo, jioni analinganisha vitu vitatu badala ya viwili. Kabla ya siku ya kwanza kuna salio za zamani za kuhamisha kutoka kwa hiyo Excel, na hilo ni jaribio lake: idadi ya watoto, jumla ya wanaodaiwa, na kando kabisa jumla ya waliozidisha. Usijumlishe hizo mbili pamoja. Mtoto anayedaiwa 1,500 akipotea, na aliyezidisha 1,500 naye akipotea, jumla ya pamoja itakuwa vile vile na haitakuambia kwamba wawili wamebaki nje.

Mpango ulipofika kwa basa kusainiwa aliurudisha na mstari mmoja ameongeza kwa kalamu, chini kabisa. Jaribio la mzazi aliye getini na skrinshoti. Alitaka skrini ambapo unaandika ile namba ya malipo ya M-Pesa na mfumo unasema moja kati ya tatu: iko na imewekwa kwa mtoto fulani, iko saspensi, ama haiko. Na ikisema haiko, isiandike ni feki, iandike "haijaonekana, angalia stetimenti ya jioni", kwa sababu inaweza kuwa kama ile 12,000 yetu, pesa ni ya ukweli na seva ndio ilikuwa imelala. Tuliipima kwa namba tatu, moja ya kila aina, na ya nne ambayo ni ile ya kwanza ikiwa na herufi O mahali pa sifuri, vile mtu akisoma kwa skrinshoti yenye ukungu angeiandika.